Mifano Mia na Kumi na Miwili ya Bi Mstari

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili la utumishi. Idarani watu wote, tangu mkuu wa idara hadi mfagizi, walimwita Bi Mstari, naye aliitika. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, miguu isiyotulia chini ya meza, na rula ya plastiki inayoonyesha upande wa pili ambayo aliisimamisha juu ya kioo cha kompyuta kama fundi mwashi anayepima ukuta.

Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa za jarida la isimu ya Kiswahili. Ndani ya kazi hiyo mlikuwa na kazi nyingine, nayo ndiyo iliyompa jina: kupanga mifano. Mwanaisimu akitaka kuonyesha jinsi sentensi ilivyojengwa, haitoshi kuiandika. Huikatakata. Mstari wa kwanza ni sentensi yenyewe, kila neno limetenganishwa kwa vistari: wa-li-vi-som-a. Mstari wa pili, chini yake, hueleza kila kipande ni nini: ngeli ya pili, wakati uliopita, ngeli ya nane, maana ya mzizi, kiishio. Mstari wa tatu ni tafsiri ya sentensi nzima, na katika jarida hilo ilikuwa ya Kiingereza, ndani ya alama moja moja za kunukuu, kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Sheria kubwa ni mbili. Neno la chini lianzie pale pale linapoanzia neno la juu. Na vistari vya juu vikiwa vinne, vya chini viwe vinne.

Aliingia idarani akiwa msichana wa mashine ya chapa, cheti chake cha upigaji chapa kimekunjwa ndani ya pochi. Isimu hakuisomea popote. Alijifunza kwa mkono, kama mtu anavyojifunza njia ya kwenda kisimani, kutoka kwa mhariri wa zamani ambaye wanafunzi walimwita Mzee Nukta kwa sababu hakusamehe nukta iliyokosekana. Mzee huyo alimwachia urithi wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa herufi za upana sawa, zile za mashine ya chapa, ambazo i na m hula nafasi ile ile, ili neno la chini lisogezwe kwa kubonyeza nafasi tu mpaka likae. Wa pili ulikuwa kuitikiana. Kabla ya toleo lolote kwenda kiwandani, Mzee Nukta na Bi Mstari walikaa pande mbili za meza, kila mmoja na nakala yake. Mmoja alisoma mstari wa juu, kipande kimoja kimoja, na mwingine akajibu kwa kilicho chini yake. "Wa." "Mbili." "Li." "Uliopita." "Vi." "Nane." Mwalimu yeyote aliyepita kwenye korido alijua toleo linakaribia kutoka, maana chumba kilisikika kama madrasa ya watu wazima wawili.

Mzee Nukta alistaafu mwezi wa tatu. Mwezi wa tano akaja Daktari, mhariri mpya.

Daktari hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua Bi Mstari, kwa sababu mtu mbaya unajua pa kumweka. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, mpole, shati limepigwa pasi, akinywa maji kutoka chupa aliyotembea nayo kama mtoto. Siku ya kwanza alimwamkia shikamoo. Siku ya pili alifungua faili la toleo linalofuata, akabadilisha aina ya herufi kuwa ya kisasa, na kila mfano ukalegea. Neno la chini likahama kutoka chini ya mwenzake, lingine likaingia ubavuni mwa jirani. Herufi za kisasa hazigawi nafasi sawa. I hukaa kwenye upenyo na m hutanua mabega.

"Mama, unaona tatizo?" alisema Daktari. "Hiki kitu kimesimama kwa nafasi tupu. Upepo ukipita kinaanguka."

"Tangu tuhamie kompyuta kimesimama miaka kumi na minane, Daktari."

"Kwa sababu hakuna aliyekigusa."

Hilo Bi Mstari alitembea nalo wiki nzima, kwa sababu lilikuwa kweli.

Daktari aliandika programu ndogo. Ilifanya hivi: inahesabu maneno ya mstari wa kwanza, inajenga jedwali lisilo na mistari lenye visanduku vya idadi hiyo hiyo, inatia kila neno la juu kwenye kisanduku chake na kila neno la chini kwenye kisanduku kilicho chini yake. Popote palipo na nafasi tupu, iwe moja au kumi, inajua neno limekwisha na linaanza lingine. Baada ya hapo ubadilishe herufi utakavyo, upanue ukurasa, uupunguze, neno halitoki chini ya mwenzake. Bi Mstari aliitazama ikifanya kazi kwenye mifano mitatu, na moyoni alikiri ilikuwa kitu safi.

Kisha Daktari akafunga mlango.

"Mama, nisikufiche. Idara inataka kupunguza meza. Wanasema kazi ya kupanga mifano sasa haihitaji mtu. Kuna nafasi ghalani, kwenye majarida ya zamani. Nimewaambia wasubiri toleo hili. Tukilitoa kwa njia mpya, bila vurugu, nitaandika kwamba umeweza. Tukishindwa..." Alifungua chupa ya maji na kuifunga bila kunywa. "Alhamisi saa nane mchana kiwanda kinaanza kuchapa. Wakitukosa, wana vitabu vya mitihani vya wiki tatu mbele yetu."

Ghala lilikuwa chumba cha chini chenye dirisha moja, ambamo mtu alikaa siku nzima akifuta vumbi kwenye mambo ambayo wengine walikwisha yamaliza. Bi Mstari alirudi mezani na miguu yake ikaanza kucheza.

Makala ya mwisho ya toleo hilo ndiyo iliyokuwa ngumu: mifano mia na kumi na miwili, sentensi zilizorekodiwa sokoni, kituoni na kwenye ofisi za serikali. Mwandishi wake alikwisha soma nakala ya majaribio katika herufi za zamani, akaikubali, akasafiri utafitini mahali ambapo simu yake haikupatikana. Kwa njia ya Mzee Nukta ingekuwa kazi ya siku nne na kuitikiana asubuhi moja. Jumatano, saa saba mchana, Bi Mstari aliifungua programu ya Daktari na kuiachia makala yote.

Ilitembea kidogo, ikasimama, ikauliza: Vipande vimezidi visanduku. Vikatwe? Ndiyo. Hapana. Ndiyo kwa vyote.

Alinyanyua kichwa. "Daktari, inaniuliza."

Daktari alikuwa na simu sikioni. Aliifunika kwa kiganja. "Itauliza mambo ya nafasi zilizobaki mwishoni mwa mistari. Bonyeza ndiyo tu, mama."

Akabonyeza Ndiyo kwa vyote. Dakika nne baadaye kioo kiliandika: Mifano 112. Makosa 0.

Kurasa zilipendeza. Hapakuwa na haja ya rula. Daktari alizipitia kwa kidole, akasema, "Umeona?" akatuma faili kiwandani kabla ya saa tisa. Bi Mstari alikaa. Akasimama. Akapanga kalamu, akazipangua. Alikwenda kunywa maji mara tatu ilhali hana kiu. Mikono yake ilikuwa imezoea kuchoka siku ya mwisho ya toleo, na sasa ilimning'inia tu kama ya mtu aliyealikwa shughulini akaambiwa asiguse sufuria. Saa kumi alichapa kurasa za makala ile nakala mbili, akazitia ndani ya mkoba, akaenda nazo nyumbani.

Nyumbani alikuwapo wifi yake. Mume wa Bi Mstari aliendesha lori la masafa marefu na kwa mwezi alilala nyumbani siku sita. Aliyekaa siku zote ni dada yake, fundi cherehani, aliyegeuza nusu ya sebule kuwa kiwanda. Jioni hiyo alikuwa anaunga gauni la milia.

"Wifi, una nini? Umezunguka hiyo meza mpaka nimepata kizunguzungu mimi niliyekaa."

"Nataka unisomee kitu."

"Mimi? Mwenye shahada ya vifungo?"

"Sitaki uelewe. Nataka uniitikie. Mimi nasema cha juu, wewe unanijibu kilicho chini yake. Kama hakuna, useme hakuna."

"Eh! Leo umeleta kazi nyumbani, kesho utaleta bosi." Lakini alizima cherehani, akavaa miwani, akavuta nakala. "Haya, mwalimu."

Mifano ya kwanza ilikwenda vizuri. Wifi alishika mwendo upesi. Vifupisho alivisoma kwa maringo, maneno ya Kiingereza aliyatafuna, na ngeli alizipenda. "Mbili. Kumi na nne. Tisa. Wifi, huu si mchezo wa karata?" Walifika wa sita bila kosa. Bi Mstari alianza kujiona mjinga.

Mfano wa saba ulisema: Wa-zazi wa-na-tafut-a shule ny-ingine.

"Wa."

"Mbili."

"Zazi."

"Mzazi, kwa Kiingereza chao."

"Wa."

"Mbili."

"Na."

"Uliopo."

"Tafut."

Wifi alisoma neno la Kiingereza. Neno moja.

"A."

"Hakuna."

"Vipi hakuna? Kiishio."

"Wifi, umeniambia nikikuta hakuna niseme hakuna. Hakuna."

"Endelea. Shule."

"Hapa kuna kineno kifupi cha Kiingereza, halafu kistari, halafu kiishio." Wifi alishusha miwani. "Shule nayo ina kiishio?"

"Nyingine."

"Hapa ndipo pameandikwa shule."

Bi Mstari aliinua uso taratibu. Alikwisha iona. Kwa Kiingereza mwandishi hakuufasiri mzizi wa kutafuta kwa neno moja. Alitumia mawili yanayokwenda pamoja, look for. Kanuni inataka maneno hayo yaunganishwe kwa nukta ili yahesabike kitu kimoja. Mwandishi aliacha nafasi badala ya nukta. Kwa njia ya zamani haikudhuru, maneno yote mawili yalikaa chini ya neno lao na jicho likaelewa. Programu haina jicho. Iliona nafasi, ikadhani neno limekwisha, ikasukuma kila kilichofuata kisanduku kimoja kulia. Na kile cha mwisho, kilipokosa kisanduku, kilikatwa. Kwa ruhusa. Ndiyo kwa vyote.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Niliyebonyeza."

Wifi alichukua penseli ya kushonea, akaweka alama kwenye saba. "Mshono ukikosea unaanza kuufumua pale ulipokosea. Wa nane."

Walisoma hadi wa sitini na nne, chai ikipoa pembeni. Alama zilifika kumi na moja. Palikuwa na mwanamke katika mfano mmoja aliyemwambia karani wa serikali maneno machache ya hasira, yote ya kawaida. Kwa visanduku vile, hasira yake ilieleza kitu kingine kabisa. Kisha mteja wa gauni la milia akabisha hodi, na wifi ikabidi aende kumpima chumbani, futi yake shingoni. Mlangoni aligeuka.

"Utamwambia?"

"Nikimwambia, nitakuwa nimeshindwa njia mpya. Ghalani. Nisipomwambia, nani atajua? Ameshaipitia kwa kidole akaridhika."

"Wewe utajua. Nami ndiye nitakayekaa na wewe ukizunguka meza." Wifi alisonya. "Nakuomba umwambie, kwa afya yangu."

Asubuhi Bi Mstari hakupita idarani. Daktari alikuwa na kikao hadi saa nne, na faili lilikuwa kiwandani. Alikwenda moja kwa moja huko, mkoba kifuani, nyaraka ndani pamoja na kidude cha kuhifadhia chenye faili la awali la mwandishi. Kiwanda kilinuka wino na mafuta ya taa. Msimamizi wa mitambo, mtu mnene mwenye vidole vyeusi vya kudumu, alimfahamu kwa sauti ya simu tu.

"Kumbe ndiwe Bi Mstari! Nilidhani ni mtu mrefu."

"Kaka, makala ya mwisho msiitie kwenye bamba la kuchapia."

"Dada, mabamba ya mwanzo yako tayari. Ya mwisho yanafuata."

"Ndiyo maana nimekuja. Ina makosa."

"Jana mhariri ametuandikia haina hata moja." Alifuta vidole kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko vidole. "Siwezi kusimamisha kwa neno lako. Nikisimamisha kila mtu akija na mkoba, hapa tutachapa hewa. Aje mwenyewe. Na saa nane ni saa nane."

Alimpigia Daktari mara nne. Mara ya tano alipokea kwa kunong'ona.

"Niko kikaoni, mama."

"Mifano imehama, Daktari. Niko kiwandani."

"Imehama vipi? Ilisema makosa sifuri."

"Ilisema hivyo baada ya kuyakata."

Daktari alifika saa nne na nusu, jasho kwenye kola. Walipewa meza iliyo nyuma ya mashine ya kukatia karatasi, ambayo kila baada ya dakika ilishuka kwa kishindo na kuwafanya wote wawili waruke. Bi Mstari alimwekea mfano wa saba mbele yake. Daktari alisoma, midomo ikicheza. Akasoma tena.

"Nani alibonyeza ndiyo?"

"Mimi. Ulisema nibonyeze, nikabonyeza. Lakini kidole kilikuwa changu."

Daktari akafungua kompyuta yake ya mapajani. "Sawa. Si jambo kubwa. Naanza upya na faili la awali, safari hii sikati. Itanitajia yenyewe kila penye ziada." Vidole vyake vilikwenda mbio. Baada ya muda orodha ikatoka, naye akapumua. "Kumi na tisa. Tunatia nukta kumi na tisa, naendesha tena, nusu saa tumemaliza. Unaona, mama? Chombo si kibaya. Tulikiuliza vibaya."

"Nisomee orodha."

Alisoma. Saba, kumi na tatu, ishirini, ishirini na sita. Bi Mstari alifuatisha kwa kidole kwenye alama za penseli ya wifi yake. Daktari alipofika hamsini na tano na kurukia sitini na mbili, alimsimamisha.

"Hamsini na nane?"

"Hamsini na nane haimo."

"Kwangu imo."

"Haiwezekani. Maneno ya juu na ya chini ni sawa kwa idadi. Saba kwa saba."

"Tuitikiane."

"Mama, muda."

"Mmoja tu, Daktari. Huo mmoja. Wa-ka-tu-tafut-a."

Alishusha pumzi, akaitikia, sauti kavu ya mtu anayetimiza sharti. Alikwenda vizuri hadi kiishio. Akasimama. Akaendelea na neno la pili, la tatu, la nne, na kila jibu lake lilikuwa la jirani. Walipofika kwenye "tu" ya mwisho wa sentensi alijibu kwa maana ya neno lililoitangulia, na mashine ya kukatia ikashuka, na hakuna aliyeruka.

Mwandishi hapo alifanya makosa mawili. Mzizi mmoja aliuandikia maneno mawili bila nukta, na kile kijineno cha mwisho alisahau kukiandikia chochote. Ziada ikajaza pengo. Hesabu ikatoka sawa, saba kwa saba, na ndani yake kila kitu kimekaa kwenye kiti cha mwenzake. Chombo kinachohesabu kisingeuliza hata mara moja.

"Na hatujui iko mingapi ya namna hii," alisema Daktari polepole, akijiambia mwenyewe.

"Sisi tulifika sitini na nne tu. Bado arobaini na minane."

"Sisi nani?"

"Mimi na wifi yangu. Fundi cherehani."

Daktari akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akajifuta uso kwa mkono wa shati lililopigwa pasi. "Fundi cherehani amelikuta jambo ambalo mimi..." Hakumaliza. Alitazama saa ukutani. Ilikuwa saa tano na robo. "Kuitikiana mifano yote, kutoka wa kwanza, na kutia nukta tukienda. Inachukua muda gani?"

"Na mtu aliyezoea, saa mbili. Na wewe, mbili na nusu."

"Basi tuanze."

Bi Mstari aliipanga nakala yake mbele yake, akaigonga gonga mezani hadi kingo zikalingana. Miguu yake ilikuwa inacheza tangu alfajiri. Sasa ilisimama, kwa kuwa kilichobaki kusemwa kilikuwa kimoja.

"Ile barua ya kunipeleka ghalani," alisema. "Umekwisha iandika?"

Daktari aliinamisha macho. Alikuwa mtu mpole, na watu wapole hawajui kudanganya kwa haraka. "Niliipeleka juu Jumatatu. Waliitaka mapema. Nilisema nikiona toleo limekwenda vizuri nitaifuta."

"Jumatatu. Kabla sijabonyeza chochote."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo Jumatano nilikuwa nafanya mtihani uliokwisha sahihishwa."

Msimamizi wa mitambo alichungulia kutoka nyuma ya rundo la karatasi, akawaona walivyokaa, akarudi alikotoka.

Bi Mstari hakupandisha sauti. Katika miaka yote ya idara hakuwahi kuomba kitu, si kiti kipya, si likizo nje ya zamu, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuomba, alisema kama anavyosoma mfano, kipande kimoja kimoja. "Andika ya kuifuta. Sasa hivi. Useme kazi ya mifano inahitaji watu wawili na chombo kimoja, si chombo peke yake. Useme kilichotokea, na kidole changu ukitaje, sikatai. Halafu tuanze."

"Mama, tutapoteza dakika kumi."

"Nimezihesabu. Zimo."

Daktari alimtazama, akaitazama nakala yenye alama za penseli ya kushonea, akavuta kompyuta. Aliandika bila kusimama. Alipomaliza alimgeuzia kioo. Bi Mstari alisoma aya zote mbili, na katika ya pili alikuta maneno "kosa lilikuwa katika maelekezo yangu", akayarudia mara moja zaidi. Kidole chake hakikutajwa. Alingoja Daktari aitume, alingoja hadi kioo kikaandika kwamba imekwenda kwa mkuu wa idara, nakala kwa utumishi.

"Wa kwanza," alisema. "Wewe unaitikia. Na usikimbie. Wa."

"Mbili," alisema Daktari.

"Safiri."

Walimaliza saa nane kasorobo. Mifano iliyofichika kwenye hesabu sawa ilifika minne kwa jumla. Msimamizi wa mitambo alipokea faili jipya, akauliza kama safari hii ni kweli haina kosa hata moja, na wote wawili, kwa mara ya kwanza siku hiyo, walikataa kumhakikishia.